Miaka 10 Ni ya Kompresa

Stika ilikuwa mlangoni pa friji, kubwa na yenye rangi ya dhahabu: waranti miaka 10. Dada yangu aliinunua friji hiyo Kariakoo mwezi Machi 2022, na stika ndiyo iliyomfanya aiache ya pembeni yake iliyokuwa na bei nafuu. Julai 2024 ikaacha kupoza. Taa ya ndani inawaka, lakini samaki wa juzi wameanza kulainika na maji yanachuruzika sakafuni. Akapiga simu kituo cha huduma cha kampuni akiwa hana wasiwasi hata kidogo, maana miaka 10 ilikuwa bado mbali.

Fundi alikuja, akapima, akasema kompresa imekufa. Kompresa mpya ingetolewa bure. Ufundi, gesi, kichujio na nauli ya gari la kampuni angelipa mwenyewe.

“Mdogo wangu, hawa wameniibia mchana kweupe,” aliniambia jioni ile. Nilimwomba kadi ya waranti. Tuliisoma pamoja mezani, na ikawa vigumu kusema ameibiwa. Yote aliyoambiwa na fundi yalikuwa yameandikwa kwenye ile kadi tangu siku aliyoinunua friji, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma.

Kadi nyingi za friji zinazouzwa kwetu huwa na ahadi mbili, na stika hutangaza ile ndefu tu. Ahadi ya kwanza ni ya friji nzima, na kwa kawaida ni ya mwaka 1: kipuri kikiharibika kwa kosa la kiwandani, kampuni inatoa kipuri na inamlipa fundi. Ahadi ya pili inaanza pale ya kwanza inapoishia, nayo ni ya kipuri kimoja tu, yaani kompresa. Kadi ya dada ilitumia neno “pekee” baada ya kompresa. Neno hilo moja ndilo lililoondoa ufundi, gesi na usafiri.

Ili kuona uzito wake, inafaa kujua kazi yenyewe. Kompresa haifunguliwi kwa skrubu tu ikaja nyingine. Imechomelewa kwenye mabomba ya shaba yanayozungusha gesi. Fundi anaitoa gesi iliyobaki, anakata mabomba, anafunga kompresa mpya, anabadilisha kichujio kinachonyonya unyevu, anachomelea, kisha anavuta hewa yote kwa pampu kabla ya kujaza gesi kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji. Friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a, ambayo hushika moto, kwa hiyo si kazi ya kujaribiajaribia. Sehemu kubwa ya gharama iko kwenye kazi hiyo, na kazi hiyo ndiyo ambayo ahadi ya pili haiilipii.

Kuna jambo jingine linalowakamata wengi, hasa wenye friji za invata. Kompresa ya invata haijiendeshi yenyewe. Inaendeshwa na bodi ya umeme iliyofungwa nyuma ya friji. Umeme ukiyumba, mara nyingi bodi ndiyo hutangulia kufa, na kwa mwenye nyumba dalili ni ile ile: friji haipozi. Lakini bodi si kompresa. Kadi ikisema miaka 10 ni ya kompresa, bodi imebaki kwenye mwaka 1 wa mwanzo. Kadi nyingine hubana zaidi na kutaja mota ya kompresa tu. Hali ni hiyo hiyo gesi ikivuja: kompresa utaisikia ikinguruma saa nzima bila kupumzika na baridi haiji, wakati kompresa yenyewe ni nzima. Hapo miaka 10 haikusaidii kitu. Ndiyo maana, kabla hujakubali fundi akwambie “waranti haihusiki”, mwache akutajie kwa jina kipuri kilichokufa, kisha ukitafute kipuri hicho kwenye kadi.

Ukigeuza kadi utakuta orodha ya makatazo, na hapa ndipo ningependa msomaji apunguze mwendo. Orodha hiyo huchanganya vitu viwili tofauti, na tofauti yake ni pesa. Kuna vitu ambavyo waranti haivihusu, na kuna vitendo vinavyoibatilisha waranti yote.

Visivyohusika ni kama balbu, mpira wa mlango, droo za plastiki, rafu za kioo, mikwaruzo, na waya uliotafunwa na panya. Mpira wa mlango ukichanika utanunua mwenyewe, lakini waranti ya kompresa inabaki hai kama ilivyokuwa. Nimewahi kukutana na watu waliokata tamaa baada ya kukataliwa droo iliyovunjika, wakadhani kadi imekufa, na baadaye wakalipia ubovu mwingine ambao wangetengenezewa bure.

Vinavyobatilisha ni vichache, ila havina huruma. Cha kwanza ni kumwita fundi wa mtaani akafungua au kuchomelea mabomba kabla ya kuita kampuni. Fundi wao hahitaji kukuuliza. Anaona alama mpya za kuchomelea na valvu ya kujazia gesi iliyotobolewa kwenye bomba, anafunga begi lake. Kwetu hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, kwa sababu fundi wa jirani yuko hatua 20 kutoka mlangoni na kituo cha kampuni kiko mjini. Kumwita aangalie plagi na soketi si tatizo; mwiko ni kukata bomba.

Cha pili ni kibandiko chenye namba ya mfululizo, ile ambayo mafundi huiita siriali, kikibanduliwa au kufutika. Kwa kawaida kiko ukutani ndani ya friji, au nyuma karibu na kompresa. Watu hukisugua kwa dawa ya kusafishia bila kujua. Kikipotea, hakuna namna ya kuonyesha kwamba friji hii ndiyo iliyotajwa kwenye kadi.

Cha tatu ni matumizi ya biashara. Friji ya nyumbani ikiwekwa dukani kuuza soda, au kwenye mgahawa, mlango hufunguliwa mara nyingi mno kwa siku na kompresa haipati kupumzika. Kadi nyingi zinaandika wazi kwamba waranti ni ya matumizi ya nyumbani. Mama ntilie anayenunua friji kwa ajili ya kazi aulize jambo hili kabla hajatoa pesa, kwa sababu kampuni nyingine hutoa muda mfupi zaidi kwa biashara badala ya kukataa kabisa.

Cha nne ni umeme, na hapa mabishano ni mengi. Umeme wa Tanzania ni volti 230, lakini mtaani unaweza kushuka chini sana jioni au kurudi kwa kishindo baada ya kukatika. Kompresa inapozimwa ghafla, gesi ndani ya mabomba inabaki na mgandamizo mkubwa upande mmoja. Umeme ukirudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza ikiwa imebanwa, inapata joto, na siku moja inaungua. Kifaa cha kulinda friji hukata umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno, na huchelewesha kuuwasha kwa dakika kadhaa hadi mgandamizo utulie. Baadhi ya kadi zinakidai kifaa hicho kama sharti. Kama kadi yako inakidai, kinunue siku ile ile ya friji na risiti yake uihifadhi pamoja na nyingine. Waranti yote ya kompresa inaweza kusimama au kuanguka kwa kifaa hicho kidogo.

Sasa ushahidi. Kituo cha huduma kinataka vitu 3 vinavyosema jambo moja: risiti yenye tarehe, kadi yenye muhuri wa duka, na namba ya mfululizo iliyoandikwa kwenye kadi ikilingana na ya kwenye friji. Dukani Kariakoo haraka ni nyingi. Muuzaji atakupa kadi tupu iliyotoka kwenye boksi na kukwambia utajaza nyumbani. Usikubali. Boksi lifunguliwe mbele yako, namba isomwe kwenye friji yenyewe, iandikwe, na muhuri ugongwe hapo hapo pamoja na tarehe. Bila tarehe ya ununuzi, kampuni zinaweza kuhesabu muda tangu friji ilipotengenezwa kiwandani, na friji inaweza kukaa ghalani miezi mingi kabla ya kukufikia wewe.

Dai risiti ya mashine ya EFD, isiyo na bei pungufu. Karatasi ya kuandika kwa mkono aghalabu ndiyo sababu ya kwanza ya kukataliwa. Omba pia aina na modeli ya friji ionekane kwenye risiti, si neno “bidhaa” tu. Tatizo la risiti ya EFD ni kwamba huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia kwa miezi tu, hasa ikikaa ndani ya gari au juu ya friji yenyewe. Itoe fotokopi siku hiyo hiyo, na uipige picha. Usiipitishe kwenye mashine ya kufunga kwa plastiki ya moto, maana itageuka nyeusi yote.

Angalia vilevile kadi inataja nchi gani. Friji nyingi huletwa na wafanyabiashara moja kwa moja kutoka Dubai. Zinaweza kuwa halisi kabisa, zenye kadi halisi, lakini waranti yake ikawa ya Falme za Kiarabu tu. Muulize muuzaji kituo cha huduma kiko wapi hapa nchini, kisha upige simu kituoni kwenyewe ukiwa bado dukani, uwasomee namba ya mfululizo.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi: kipuri gani, dalili gani fundi ameiona, na kifungu gani cha kadi kinachohusika. Maelezo kama “ni umeme tu” hayatoshi. Bodi iliyoungua kwa umeme huonyesha alama, na fundi anaweza kukuonyesha. Muuzaji naye hajifichi nyuma ya kadi ya kiwanda, kwa sababu sheria ya mauzo ya bidhaa inamtaka auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na karatasi ile ya kituo ndiyo utakayoanza nayo.

Dada alilipa ufundi, akapata kompresa. Kabla fundi hajaondoka tulisoma mstari mmoja zaidi: kipuri kilichobadilishwa hakianzi kuhesabiwa upya, kinarithi muda uliobaki. Kwa hiyo kompresa mpya inalindwa hadi Machi 2032. Tulimwomba fundi aandike namba ya kompresa hiyo kwenye karatasi ya kazi na aitie sahihi, kisha dada akaipiga picha akiwa ameiweka juu ya kadi, kando ya risiti ambayo tayari nusu yake ilikuwa haisomeki.