Kidonge cha tezi kinapoukimbiza moyo

Je, wajua kwamba dawa inayopimwa kwa maikrogramu, yaani sehemu za milioni za gramu, inaweza kuufanya moyo wako uende mbio hali umejilaza kitandani?

Dawa hiyo ni levothairoksini, wanayomeza watu ambao tezi ya shingoni haitoi homoni ya kutosha. Ikizidi, moyo hupiga haraka hata mtu akipumzika, mikono hutetemeka, jasho hutoka na usingizi hupaa.

Chukua mama aliyekuwa akimeza maikrogramu 75 kwa siku. Alipopata mimba, daktari alimpandishia hadi 100, kwa kuwa mimba huongeza mahitaji ya homoni hiyo. Akajifungua salama, mahitaji yakashuka, ila hakuna aliyekumbuka kushusha dozi. Tena, kliniki ilikuwa imempa vidonge vya madini ya chuma, naye alivimeza pamoja na dawa ya tezi. Chuma huishika dawa hiyo tumboni, nyingine isifyonzwe. Vilipokwisha, dawa ikaanza kuingia mwilini kwa wingi zaidi. Kidonge ni kilekile, lakini sasa kimezidi. Mapigo yake ya asubuhi, yaliyokuwa 70 na kitu kwa dakika, yakafika 98.

Hapo wengi hukosea kwa sababu 98 bado iko ndani ya kiwango cha kawaida cha mtu mzima, 60 hadi 100. Kinachosema kitu ni kupanda kwake kutoka kawaida ya mama huyu, na daktari hawezi kukuona kupanda huko bila kumbukumbu.

Basi aanze daftari. Kila asubuhi kabla hajainuka wala kunywa chai, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu dakika nzima, kisha aandike namba na kama mapigo yanarukaruka. Pembeni aandike dozi, saa aliyomeza, na siku aliyosahau. Aweke tarehe ya kujifungua, tarehe chuma kilipokwisha, na uzito wake kila wiki. Pakiti ya dawa aende nayo, maana kubadilishiwa kampuni nako huweza kubadilisha kiasi kinachoingia. Majibu ya maabara, ya zamani na mapya, yote yaende. Katika majibu hayo, kipimo cha TSH kikiwa chini sana huonyesha kwamba dozi imezidi, ingawa biotini, ile vitamini ya nywele na kucha, huweza kuivuruga namba hiyo; kama anaitumia, amtajie daktari.

Mapigo peke yake hayatoi hukumu: upungufu wa damu baada ya uzazi nao huuharakisha moyo. Kipimo cha damu ndicho kitakachoamua. Dozi ikipunguzwa, kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa dawa hii hutoka mwilini taratibu. Nusu yake huchukua kama wiki nzima kutoka.

Usijipunguzie dozi mwenyewe. Ukiumwa kifua, ukizimia, ukikosa pumzi au mapigo yakienda ovyo, nenda hospitali siku hiyohiyo, daftari mkononi.