Mafuta mapya: jaribu mkononi siku saba kabla ya kupaka usoni

Akina mama wengi wa Mgeta wakishauza kabichi zao Morogoro mjini hupita madukani kabla ya kupanda gari la kurudi milimani. Mmoja ananunua chumvi, mwingine sabuni, mwingine chupa ya losheni mpya ambayo ameiona kwa jirani. Muuzaji anafungua chupa na kusema: "Mama, paka kidogo hapa mkononi. Subiri dakika tano. Kama haikuwashi, chukua tu." Mama anapaka nyuma ya kiganja, anasubiri, hawashwi. Basi analipa na kwenda zake.

Jaribio hilo la dakika tano halitoshi, na sababu yake ni hii. Ngozi inaweza kudhuriwa na mafuta kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ukali wa mafuta yenyewe. Mafuta makali huchoma au kuwasha upesi, pengine palepale. Hayo muuzaji anaweza kuyagundua dukani. Njia ya pili ni mwili kuikataa kemikali fulani, hata kama kwa watu wengine haina neno. Jambo hili huitwa mzio. Mwili wenye mzio haupigi kelele mara moja. Mara nyingi hukaa siku mbili, tatu au hata zaidi, ndipo ngozi ianze kuwasha na kutoa vipele. Wakati huo mama amekwisha kujipaka uso mzima mara nne au tano.

Sasa tuseme mama mmoja wa Mgeta amenunua losheni Jumapili, naye anataka kuijaribu sawasawa. Afanyeje?

Kwanza achague mahali. Nyuma ya kiganja hapafai, maana ngozi ya hapo imezoea jembe na jua, tena hunawa kila saa. Mahali pazuri ni upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya pale kiwiko kinapokunja. Ngozi ya hapo ni laini, tena mtu anaiona bila kioo. Pasiwe na kidonda, choya wala mkwaruzo.

Jumatatu asubuhi, baada ya kuoga na kukauka, anapaka losheni kwenye duara moja dogo kama sarafu ya shilingi mia mbili. Anapaka kama anavyopaka siku zote, asilundike. Anaiacha hapo. Jioni anapaka tena palepale. Akioga katikati na losheni ikatoka, anapaka upya. Hivyo hivyo asubuhi na jioni, siku saba, mpaka Jumapili. Mkono wa pili hapaki kitu kipya, ili apate wa kulinganisha. Katika wiki hiyo asianze sabuni mpya wala mafuta mengine mapya, kwa sababu akiwashwa hatajua mkosaji ni nani.

Kuna wakosaji wengine huko shambani ambao tusiwasahau. Mtu akipita kwenye upupu atawashwa, na losheni itasingiziwa bure. Vivyo hivyo dawa ya nyanya ikimchuruzikia mkononi wakati wa kupiga bomba. Ikitokea hivyo, anawe vizuri, angoje ngozi itulie, halafu aanze kuhesabu siku upya.

Je, aangalie nini? Vitabu vingi husema tazama wekundu. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mahali palipodhurika huweza kuwa peusi zaidi, au kama rangi ya zambarau. Kwa hiyo asitegemee macho peke yake. Apitishe kidole polepole juu ya duara, kisha apitishe pale pale kwenye mkono wa pili. Kama upande wa losheni una vipele vidogo, umevimba, una joto au unakwaruza, hapo pana jambo.

Tuseme Jumatatu hakuona kitu, Jumanne hakuona kitu. Jumatano usiku anaanza kujikuna. Alhamisi asubuhi kidole kinagusa vipele, navyo viko ndani ya lile duara tu. Mkono wa pili ni mzima. Hapo jibu limepatikana, hana haja ya kufika Jumapili. Anaosha mahali hapo kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, na losheni hiyo haitumii tena. Asijaribu "kuizoesha" ngozi kwa kupaka kidogo kidogo. Mzio hauzoeshwi hivyo, unazidi. Vikitoka malengelenge au majimaji, aende zahanati na chupa yake mkononi, ili mganga aone maandishi yake. Na mtu yeyote akivimba uso au akipumua kwa shida, asingoje hata saa moja.

Pesa ya losheni imepotea, ni kweli. Ndiyo maana tunasema nunua chupa ndogo kwanza. Na jirani kutumia mafuta hayo mwaka mzima si ushahidi, maana ngozi yake si yako. Mtoto naye ajaribiwe kwenye mkono wake mwenyewe.

Siku saba zikipita salama, mtu anaweza kuanza kutumia. Kama ni ya usoni, aanze na sehemu ndogo chini ya taya kwa siku mbili tatu, kwani ngozi ya uso ni nyepesi kuliko ya mkono. Hata hivyo mwili huweza kujifunza kukataa kitu baada ya kukitumia wiki nyingi. Ukianza kuwashwa mwezi wa pili, usiseme "lakini nilijaribu". Acha.

Rangi nyeusi ya nywele, ambayo wengine huita piko na kuichora mikononi wakati wa harusi, ina utaratibu wake. Nyingi zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, ambayo mzio wake ni mkali sana. Hii haipakwi kila siku. Changanya kidogo sana kama karatasi ya pakiti inavyosema, gusa tone moja nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, liache likauke, usioshe kwa saa 48. Tone likiwasha kabla ya hapo, osha mara moja. Kama harusi ni Jumamosi, jaribu Jumatatu jioni, maana ngozi nyingine hujibu siku ya tatu au ya nne. Rudia kila unapotaka kutia rangi. Aliyewahi kubabuka kwa piko, hata utotoni, asijaribu kabisa. Kwa michoro ya mikononi, bora hina halisi, ambayo rangi yake ni ya kahawia au nyekundu. Inayotoa weusi tii kwa dakika chache si hina peke yake.

Jambo la mwisho, jaribio hili halikamati sumu iendayo polepole. Krimu ya kujichubua yenye zebaki inaweza kupita siku saba bila kipele hata kimoja, na mtu akafurahi. Kumbe zebaki inaingia mwilini taratibu na kuharibu figo. Krimu za namna hiyo zimepigwa marufuku nchini, na tangu mwaka 2019 vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango, yaani TBS. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo halina haja ya kujaribiwa mkononi. Liache dukani.