Chandarua Kimefika. Je, Mtoto Amelala Ndani Yake?

Mpango wa kugawa vyandarua unaweza kumaliza mwaka ukiwa na hati inayoridhisha kutoka kwa wakaguzi wa hesabu. Fedha zilizotolewa zimeonekana zilikokwenda, risiti zipo, zabuni ilitangazwa na leja ya stoo inalingana na mzigo uliopokelewa. Yote hayo ni kweli, na bado mlipa kodi hajajibiwa maswali matatu. Je, bei ile ilistahili? Je, mzigo uliwafikia watu kwa wakati na kwa gharama ya haki? Na je, watoto wanalala ndani ya vyandarua hivyo?

Maswali haya ndiyo shughuli ya ukaguzi wa ufanisi. Nchini Tanzania, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 kinampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, mamlaka ya kuchunguza kama fedha na rasilimali za umma zimetumika kwa uwekevu, tija na ufanisi. Uwekevu ni kupata kitu chenye ubora unaotakiwa kwa gharama ndogo inavyowezekana. Tija ni kuangalia kazi iliyopatikana kutokana na fedha, watu na muda uliotumika. Ufanisi ni kuangalia kama lengo lenyewe limefikiwa.

Ugumu wa kazi hii uko mwanzoni kabisa, kabla mkaguzi hajaenda wilayani. Lazima kwanza aweke vigezo, yaani kipimo cha hali inavyopaswa kuwa, ili hali aliyoikuta ilinganishwe nacho. Kigezo kikiwa kibovu, ukaguzi mzima utakuwa mbovu hata kama takwimu zilikusanywa kwa uangalifu mkubwa. Na mpango wa vyandarua unaonyesha jambo hilo vizuri, kwa kuwa unaonekana rahisi kuupima: hesabu vyandarua, basi.

Tuchukue wilaya ya mfano yenye watu 90,000. Tarakimu zake ni za kuelekezea tu, ila kanuni zinazotumika ni za kweli. Katika kampeni za kugawia watu wote, Shirika la Afya Duniani linashauri kukadiria chandarua kimoja kwa kila watu 1.8. Lengo ni watu wawili kwa chandarua, lakini kaya ya watu watano inahitaji vyandarua vitatu, si viwili na nusu. Ndiyo maana makadirio yanaongezwa kidogo. Kwa hiyo wilaya yetu inahitaji vyandarua 50,000.

Kigezo cha kwanza ni cha uwekevu. Wazabuni wawili wamejitokeza. Mmoja anauza chandarua kwa shilingi 6,000, mwingine kwa shilingi 7,500. Kamati ya zabuni ikimchagua wa kwanza, itaokoa shilingi milioni 75 siku hiyo hiyo, na kigezo kinachosema “bei ya chini kabisa” kitaipongeza. Lakini chukulia kwamba vipimo vya uimara vinaonyesha chandarua cha kwanza huchanika na kuachwa baada ya miaka miwili, na cha pili hudumu mitatu. Kwa miaka sita, wilaya itanunua cha kwanza mara tatu kwa jumla ya shilingi milioni 900, au cha pili mara mbili kwa shilingi milioni 750. Hapo bado hujaweka gharama za kukodi malori na kulipa wagawaji mara tatu badala ya mbili. Kigezo kinachofaa, basi, ni gharama ya chandarua kwa kila mwaka wa matumizi.

Uimara wa kitambaa pekee hautoshi. Katika sehemu nyingi za Tanzania mbu wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizokuwa kwenye vyandarua. Utafiti uliofanyika Muleba, mkoani Kagera, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa watoto katika vijiji vilivyopewa vyandarua vilivyoongezwa PBO, kemikali inayoidhoofisha kinga ya mbu, waliambukizwa malaria kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa vijiji vyenye vyandarua vya kawaida. Chandarua cha namna hiyo huuzwa ghali zaidi. Mkaguzi anayelinganisha bei bila kuangalia aina ya dawa, ukubwa wa chandarua na mahali mzigo unapokabidhiwa, bandarini au kijijini, atamshutumu mnunuzi aliyefanya jambo la maana na kumsifu aliyenunua kitambaa kisichozuia mbu wa eneo lake.

Kigezo cha pili ni cha tija. Wilaya ilipanga kutumia shilingi 1,200 kukifikisha kila chandarua kutoka stoo ya wilaya hadi kwenye kaya. Mwisho wa kampeni imetumia shilingi milioni 96. Ukigawanya kwa vyandarua 50,000 vilivyopokelewa stoo, unapata shilingi 1,920 kwa kimoja. Lakini daftari za kaya zenye saini za waliopokea zinaonyesha vyandarua 48,000 tu. Elfu mbili bado vimo stoo. Gharama halisi ni shilingi 2,000. Tofauti hiyo ni ndogo hapa, ila kanuni yake ni kubwa: tija hupimwa kwa kilichomfikia mlengwa, na mkaguzi lazima aandike mapema atagawanya kwa hesabu ipi. Asipofanya hivyo, kila upande utachagua hesabu inayoupendeza.

Muda nao ni sehemu ya tija. Kwenye maeneo ya mvua za masika, chandarua kinahitajika kiwe kimetundikwa kabla mbu hawajazaliana kwa wingi. Mzigo uliofika stoo Februari ukamalizwa kugawiwa Julai umepitwa na msimu ambao ungeokoa watoto wengi zaidi. Kigezo cha “kugawa ndani ya mwaka wa fedha” hakiwezi kuliona kosa hilo, kwa sababu mwaka wa fedha hauna habari na masika.

Kigezo cha tatu, cha ufanisi, ndicho kinachokosewa zaidi. Mipango mingi huandika lengo lake hivi: kugawa vyandarua 50,000. Hiyo ni kazi iliyofanyika, si faida iliyopatikana. Wengine hurukia upande wa pili na kutaka kupima mpango kwa kiwango cha malaria. Uchunguzi wa kitaifa ulikuta malaria kwa takriban asilimia 14 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa mwaka 2015–16, na takriban asilimia 7 mwaka 2017. Ni habari njema, lakini haisemi ni sehemu gani ya upungufu huo imeletwa na vyandarua. Dawa mseto, vipimo vya haraka, unyunyiziaji wa dawa ukoko, ubora wa nyumba, mvua ya mwaka husika na hata mwezi wa kufanya uchunguzi vyote vina mchango. Mkaguzi akikitumia kiwango cha malaria kama kigezo pekee, atausifu mpango mwaka wa ukame na kuulaumu mwaka wa mafuriko.

Kigezo kinachofaa kiko katikati: idadi ya watoto waliolala ndani ya chandarua chenye dawa usiku wa kuamkia siku ya mahojiano. Swali huulizwa kuhusu usiku mmoja mahususi, kwa sababu mtu akiulizwa kama “huwa” anatumia chandarua, wengi hujibu ndiyo.

Katika wilaya yetu, kati ya kila watoto 100, walikutwa 51 waliolala ndani ya chandarua. Lengo la mpango lilikuwa 80. Hapa maofisa watasema wananchi wanafugia kuku vyandarua, na dawa yake ni kuongeza matangazo redioni. Mkaguzi aliyejipanga alishaweka kigezo kingine kabla ya hapo: nafasi ya kulala. Kila chandarua huhesabiwa kuwa na nafasi ya watu wawili, kisha nafasi zilizopo katika kaya hulinganishwa na watu waliolala humo. Matokeo yanasema watoto 60 tu kati ya 100 ndio wenye nafasi. Kati ya hao 60, waliolala ndani ni 51, yaani asilimia 85. Wenye chandarua wanakitumia vizuri. Watoto 40 hawakuwa na mahali pa kulala, na tisa tu ndio walikuwa na nafasi wasiitumie.

Sasa chanzo kinatafutwa mahali pake. Daftari za ugawaji zinaonyesha kila kaya ilipewa vyandarua viwili, iwe na mtu mmoja au watu saba. Kaya zilikuwa 24,000, ndiyo maana vilitoka 48,000 na elfu mbili vikabaki stoo. Kaya ya mzee anayeishi peke yake ilipata cha ziada. Kaya ya watu saba ilipata nafasi nne. Watoto wadogo kwa kawaida wako kwenye kaya kubwa, na huko ndiko upungufu ulikoangukia. Pendekezo la ukaguzi litakuwa kubadili kanuni ya ugawaji ifuate idadi ya watu, na kuvipeleka vyandarua vilivyobaki kwenye kaya kubwa. Matangazo ya redio yasingeongeza hata nafasi moja ya kulala.

Vigezo vya namna hii havitoki kichwani mwa mkaguzi. Vyanzo vyake ni sheria ya ununuzi, mkakati wa taifa wa kudhibiti malaria, miongozo ya wizara na ya Shirika la Afya Duniani, mikataba na wafadhili, na malengo ambayo mpango wenyewe ulijiwekea. Viwango vya kimataifa vya ukaguzi wa ufanisi, ISSAI 3000, vinamtaka mkaguzi avijadili vigezo na taasisi inayokaguliwa. Mazungumzo hayo yakifanyika mwanzoni, huwa ya kitaalamu: wizara inaweza kueleza kwamba Tanzania hugawa vyandarua pia shuleni, utaratibu ulioanza mwaka 2013 katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na kliniki kwa wajawazito na watoto, hivyo kipimo cha kampeni hakifai kila mahali. Yakifanyika baada ya matokeo kujulikana, huwa ni kujitetea. Kuvijadili, hata hivyo, si kumkabidhi mkaguliwa kalamu. Lengo la taasisi likiwa dhaifu, mkaguzi ana haki ya kutumia kigezo bora zaidi na kueleza sababu.

Mpaka wake pia unajulikana. Kama serikali imeamua kupambana na malaria kwa vyandarua badala ya kuua viluwiluwi, mkaguzi hahukumu uamuzi huo wa kisera. Anapima utekelezaji wake.

Ripoti za CAG huwasilishwa kwa Rais, zikapelekwa bungeni, kisha mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ukiifungua ripoti ya ukaguzi wa ufanisi ya mpango wa afya, usianze na asilimia zilizokolezwa wino. Tafuta sehemu ya vigezo, uone gharama imegawanywa kwa nini, muda umepimwa dhidi ya msimu gani, na kama wasiopata huduma wametenganishwa na waliopata wasiitumie. Ukikuta wamechanganywa, asilimia yoyote inayofuata haiwezi kukuambia nani wa kuwajibika, wizara au mama wa nyumbani.