Robo daraja: milivolti mbili na nusu zinazopima chuma

Boriti ya chuma ikibeba mzigo mzito hurefuka, ingawa jicho halioni. Chuma cha kawaida cha ujenzi kikivutwa kwa mkazo wa megapaskali 200, kila mita yake huongezeka milimita 1 tu. Wahandisi huita hali hiyo sehemu 1,000 kwa milioni. Kukitokea mkazo wa megapaskali 250 hivi, chuma hicho huanza kulegea na hakirudi tena kwenye urefu wake wa awali.

Urefu huo mdogo hupimwa kwa streni geji, kipande chembamba cha metali kilichokunjwakunjwa kama nyoka juu ya karatasi ya plastiki na kugandishwa kwenye boriti kwa gundi. Boriti ikivutika, metali nayo huvutika: inakuwa ndefu na nyembamba zaidi, na ukinzani wake wa umeme hupanda. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alieleza tabia hiyo ya metali mwaka 1856. Ilikuwa mwaka 1938 ndipo Edward Simmons wa Caltech na Arthur Ruge wa MIT, kila mmoja kwa njia yake, walipoigeuza kuwa kifaa cha kubandika.

Shida ni udogo wa badiliko. Kwa geji za kawaida za metali, ukinzani huongezeka takriban mara 2 ya kiwango cha kurefuka. Geji ya omu 120 kwenye boriti yetu itapanda kwa omu 0.24 tu. Ukiipima moja kwa moja, unatafuta tofauti kati ya 120 na 120.24. Daraja la Wheatstone huondoa ile 120 na kubakiza tofauti peke yake.

Daraja hilo lina pande nne za omu 120 zilizopangwa katika jozi mbili, na kila jozi inapewa volti 5. Katika jozi moja, rezista mbili zisizobadilika hugawana volti hizo sawasawa, hivyo katikati yake kuna volti 2.5 wakati wote. Katika jozi ya pili, rezista moja inakaa pamoja na geji. Kwa kuwa ni upande mmoja tu kati ya minne unaohisi mzigo, mpangilio huu huitwa robo daraja. Mita huwekwa kati ya katikati mbili hizo. Bila mzigo, husoma sifuri.

Mzigo ukija, ukinzani wa jozi yenye geji unakuwa omu 240.24 badala ya 240. Geji inachukua sehemu kubwa kidogo ya volti 5, nayo mita inasoma milivolti 2.4975. Kanuni kamili ni hii, x ikiwa ni badiliko la ukinzani likigawanywa kwa ukinzani wa awali:

Vo = V × x / (4 + 2x)

Mafundi wengi huiacha ile 2x na kutumia robo ya V mara x. Kwa hesabu hiyo fupi, jibu lingekuwa milivolti 2.5 kamili. Tofauti ni sehemu 1 kati ya 1,000.

Hiyo 2x inatoka kwenye mkondo. Ukinzani wa geji unapopanda, jumla ya ukinzani wa jozi nayo inapanda, hivyo mkondo unaopita unapungua kidogo, kutoka miliampea 20.83 hadi 20.81. Geji inaongeza volteji kwa ukinzani wake mpya, lakini mkondo uliopungua unarudisha nyuma kiasi kidogo. Ndiyo maana grafu ya matokeo hujipinda kidogo. Boriti ikigandamizwa kwa kiwango kilekile, mkondo huongezeka na mita husoma milivolti 2.5025 upande wa hasi.

Kosa la hesabu fupi ni karibu nusu ya x. Chuma cha ujenzi hakiwezi kurefuka sana bila kulegea, basi x yake haipiti mbali na 0.0025, na kosa hubaki kwenye asilimia 0.1 hivi. Plastiki inayovutwa kwa asilimia 5 ni habari nyingine: x inafika 0.1, kosa linakaribia asilimia 5, na hapo lazima kanuni kamili itumike.

Kwenye chuma, waya ni adui mkubwa zaidi. Kama waya mbili za shaba kwenda kwenye geji zina jumla ya omu 0.5, joto likipanda nyuzi 10 ukinzani wao huongezeka omu 0.02 hivi. Mita itadhani boriti imerefuka sehemu 80 kwa milioni, huku kosa la mpindo likiwa sehemu 1 tu. Dalili yake ni kwamba usomaji hupanda jua linapowaka hata mzigo usipobadilika. Tiba ni waya wa tatu: waya mmoja unaingia upande wa geji, mwingine upande wa rezista ya jirani, nao wa tatu unapeleka ishara kwenye mita. Joto likiongeza ukinzani wa zile mbili kwa kiasi sawa, mabadiliko yake yanafutana.