Pande Ngapi Chini ya Kidole? Kuhesabu Sarafu kwa Kipimapembe

Tuseme umeletewa picha ya senti tano ya Tanzania, ile ya shaba iliyotoka mwaka 1966, upande mmoja sura ya Mwalimu Nyerere na upande wa pili samaki sulisuli. Aliyeipiga picha aliishika sarafu kwa kidole gumba, na kidole kimefunika zaidi ya nusu yake. Ukingo unaoonekana una pande nne kamili na kona tatu kati yake, basi. Swali ni moja: sarafu nzima ina pande ngapi?

Wanaoikumbuka watajibu kwa kumbukumbu kwamba ni kumi na mbili. Lakini picha yenyewe inatosha kutoa jibu hilo kwa mtu ambaye hajawahi kuishika, ilimradi awe na rula, penseli iliyochongwa vizuri na kipimapembe. Kinachotakiwa ni umbo liwe poligoni sawa, yaani pande zake zote ziwe na urefu mmoja na pembe zake zote ziwe na ukubwa mmoja. Umbo likiwa hivyo, kipande kidogo cha ukingo kinabeba habari za umbo zima.

Shuleni wengi tulikaririshwa kanuni ya pembe za ndani: toa 2 kwenye idadi ya pande, zidisha kwa 180, upate jumla ya pembe zote za ndani. Kwa pande 12 ni 10 × 180, yaani nyuzi 1800. Zigawe kwa kona 12, kila moja inapata nyuzi 150. Kanuni ni sahihi, ila inakutaka uijue idadi ya pande kwanza, na hapa idadi ndiyo tunayoitafuta. Njia nyepesi inapitia pembe ya nje.

Pembe ya nje ipo palepale kwenye kona. Chukua upande mmoja, uuendeleze kwa rula kupita kona yake, kisha pima nafasi iliyopo kati ya mstari huo ulioendelezwa na upande unaofuata. Hapa wanafunzi wengi huteleza: wanaona neno “nje” wakadhani ni eneo lote linalozunguka kona kwa nje, wakafanya 360 toa 150 wakapata 210. Sivyo. Pembe ya ndani na pembe ya nje zimelala juu ya mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo zikijumlishwa ni nyuzi 180. Ndani ikiwa 150, nje ni 30.

Uzuri wa pembe za nje ni kwamba jumla yake haibadiliki. Mfikirie sisimizi anayetembea juu ya ukingo wa sarafu. Akiwa kwenye upande anakwenda moja kwa moja, akifika kwenye kona anageuka kidogo, na kiasi anachogeuka ndicho pembe ya nje. Akizunguka sarafu yote na kurudi alipoanzia, akielekea kulekule alikokuwa akielekea mwanzo, atakuwa amegeuka mzunguko mmoja kamili: nyuzi 360. Kona ziwe tatu au mia, jumla ni ileile. Kama kona zote zinalingana, basi idadi ya pande ni 360 gawanya kwa pembe moja ya nje. Na ukiwa na pembe ya ndani mkononi, itoe kwanza kwenye 180, kisha gawanya.

Kwenye karatasi hesabu inaishia hapo. Kwenye picha ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu picha haikuandikii nyuzi 150 pembeni mwa kona. Lazima upime, na kipimo cha mkono kina makosa yake.

Turudi kwenye senti tano yetu. Ichapishe picha kwa ukubwa wa kutosha, kila upande wa sarafu ufikie angalau sentimita 6 kwenye karatasi. Ukubwa huo una maana yake. Upande ukiwa na milimita 15 tu na penseli ikakosea kwa nusu milimita kwenye ncha moja, mstari umeinama karibu nyuzi 2. Kosa hilohilo kwenye upande wa sentimita 6 ni kama nusu ya nyuzi. Jambo la pili, usiweke kipimapembe juu ya kona yenyewe ya sarafu. Kona za sarafu huwa zimelainishwa, na za zamani zimelika zaidi kwa kupita mikononi na mifukoni. Chora mstari kufuata sehemu ya katikati ya kila upande, uuendeleze mpaka ukutane na mstari wa jirani, kisha pima pale mistari inapokutana.

Tuseme umefanya hivyo na kona tatu zimekupa pembe za ndani za nyuzi 148, 151 na 150. Pembe za nje ni 32, 29 na 30. Ukigawanya 360 kwa kila moja, kona ya kwanza inasema sarafu ina pande 11.25, ya pili inasema 12.4, ya tatu inasema 12. Aliyeishia kwenye kona ya kwanza atakadiria 11 na kuondoka akiwa na uhakika wa jambo ambalo si kweli. Wala hajapima ovyo, amekosea nyuzi 2 tu.

Tatizo ni kwamba pande zinapokuwa nyingi, pembe za nje zinakaribiana mno. Umbo la pande 11 lina pembe ya nje ya nyuzi 32.7, la pande 12 lina 30, la pande 13 lina 27.7. Kosa la nyuzi moja na nusu tu linaweza kukuhamisha kutoka idadi moja hadi nyingine. Linganisha na sarafu ya shilingi tano ya Kenya ya mwaka 1985, yenye pande saba. Pembe yake ya nje ni nyuzi 51.4, wakati ya pande sita ni 60 na ya pande nane ni 45. Hapo hata ukisoma 50 au 53 jibu bado ni saba. Sarafu hiyo inaonyesha pia kwamba pembe si lazima iwe namba kamili. Anayepata 51.4 asiirekebishe kuwa 50 ili ipendeze. Kinachotakiwa kuwa namba kamili ni idadi ya pande.

Kwa senti tano, dawa ni kuzipima kona tatu kwa mkupuo. Chukua upande wa kwanza na upande wa nne, iendeleze mistari yake hadi ikutane, na upime mgeuko mzima kutoka upande wa kwanza hadi wa nne. Katika mfano wetu unapata nyuzi 91, sawa na 32 jumlisha 29 jumlisha 30. Sasa linganisha. Sarafu ingekuwa na pande 11, kona tatu zingegeuka nyuzi 98.2. Ingekuwa na 13, zingegeuka 83.1. Kwa pande 12 ni 90 kamili. Kipimo cha 91 kipo nyuzi moja tu kutoka 90 na zaidi ya nyuzi saba kutoka jirani yoyote. Hakuna tena cha kubishania: ni 12.

Inafaa kuelewa kwa nini mbinu hii ina nguvu, maana wengi huona kama bahati. Kosa kubwa lilitoka kwenye mstari wa upande wa pili, ambao penseli iliuinamisha kidogo. Mstari huo mmoja unatumika kwenye kona mbili. Kule kwenye kona ya kwanza uliongeza mgeuko, na kwa kiasi hichohicho uliupunguza kwenye kona ya pili, ndiyo maana tukapata 32 kisha 29. Ukijumlisha, kosa la mstari wa katikati linajifuta lenyewe. Makosa yanayobaki ni ya mstari wa kwanza na wa mwisho peke yake, nayo yamegawanywa juu ya kona tatu. Ungeonekana upande wa tano, ungetumia kona nne na kupata uhakika zaidi.

Kuna hakikisho jingine lisilohitaji kipimapembe. Kwenye poligoni sawa yenye pande za idadi shufwa, kila upande una mwenzake wa kuukabili, sambamba nao. Idadi ikiwa witiri, kila upande unakabiliana na kona. Kama upande wa pili wa kidole gumba kimejitokeza kipande cha ukingo kilicho sambamba na mmoja wa pande zinazoonekana, 11 na 13 zimeondoka hapohapo.

Hayo yote yanadai kwamba kamera ilitazama sarafu kutoka juu kabisa. Picha iliyopigwa kwa mshazari ni adui mbaya kuliko penseli butu. Chukua senti tano hiyohiyo iliyolala mezani, simu ikiwa imeinama kiasi kwamba kimo cha sarafu pichani kimebanwa hadi asilimia 80 ya upana wake. Kona tatu zinazofuatana, kuanzia upande uliolala hadi uliosimama, zitaonyesha pembe za nje za takriban nyuzi 25, 29 na 36. Ya kwanza inakuambia sarafu ina pande 14 na zaidi, ya mwisho inakuambia 10. Na Tanzania kweli ilikuwa na sarafu ya pande 10, shilingi tano ya miaka ya 1970, kwa hiyo jibu lisilo sahihi linaweza kuonekana la kuaminika kabisa.

Usitegemee jumla ikuonye. Hata umbo likibanwa, pembe zake zote za nje bado zinafika 360, kwa sababu sisimizi bado anamaliza mzunguko mmoja. Kinachofichua mshazari ni mpangilio wa vipimo. Makosa ya mkono hupanda na kushuka bila utaratibu, kama 32, 29, 30. Kamera iliyoinama hutoa namba zinazopanda mfululizo kisha zinashuka mfululizo: 25, 29, 36, halafu 36, 29, 25. Ukiona hivyo, weka kipimapembe chini kwanza, urekebishe picha.

Marekebisho yanahitaji kitu cha duara kilicholala juu ya meza hiyohiyo, sarafu ya duara kwa mfano. Kwenye picha ya mshazari duara hilo litakuwa kama yai. Lipime sehemu yake ndefu na sehemu yake fupi. Kama ndefu ni milimita 40 na fupi ni 32, picha imebanwa kwa 0.8, na kinachotakiwa ni kuivuta kwa 1.25 kufuata upande ule mfupi, bila kugusa ule mrefu. Programu nyingi za kuhariri picha zinaruhusu kubadili kimo peke yake. Zungusha picha kwanza mpaka sehemu fupi isimame wima. Duara likirudi kuwa duara, pande za senti tano nazo zinarudi kulingana, na kona za 25 na 36 zote zinasogea kuelekea 30. Njia hii inafaa pale kamera ilipokuwa mbali kidogo. Simu ikisogezwa karibu sana, upande wa mbele wa sarafu unavimba kuliko wa nyuma, na kuvuta kimo peke yake hakutoshi. Hapo ni heri kupiga picha upya, simu ikiwa juu ya sarafu, mbali kidogo, na sarafu ikiwa katikati ya kioo.