Timu ya Shule Ikiomba Ufadhili, Iseme Inataka Nini

Kila inapokaribia UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini Tanzania, wenye maduka katika miji midogo huanza kupokea bahasha zenye mhuri wa shule. Ndani mara nyingi kuna barua ya aya moja: timu inajiandaa, vifaa ni pungufu, hivyo inaombwa "michango ya hali na mali". Mwenye duka huisoma, huahidi kulifikiria suala hilo, na bahasha huishia chini ya kaunta. Si uchoyo. Hajaambiwa atoe nini, wala kitakachofanyika akishatoa.

Tuchukue mfano wa sekondari ya kata mjini Makambako, mkoani Njombe, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka ile ya Dar es Salaam na Mbeya. Timu ya soka ina wachezaji 18 na walimu wawili, na inatarajia mechi tatu ugenini. Mwalimu wa michezo anaanza kwa kuchukua profoma katika duka la vifaa, ili bei zisiwe za kukisia. Tuseme seti moja ya jezi, bukta na soksi ni shilingi 25,000: seti 18 ni 450,000. Mipira minne kwa 45,000 kila mmoja ni 180,000. Kukodi Coaster safari tatu kwa 120,000 ni 360,000. Chakula na maji ya watu 20 kwa safari hizo, 4,000 kwa kila mtu, ni 240,000. Sanduku la huduma ya kwanza ni 60,000. Jumla ni 1,290,000.

Mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo akitajiwa kiasi hicho atashtuka, na ana haki. Ndiyo maana mzigo unagawanywa kabla ya barua kuandikwa. Mwenye Coaster anaombwa gari kwa safari moja. Duka la dawa linaombwa lile sanduku, tena kwa orodha: bendeji, pamba, dawa ya kusafishia vidonda. Mgahawa unaombwa milo 20 ya siku moja. Mfanyabiashara wa mbao, ambaye hana bidhaa inayoihusu timu, ndiye anayeombwa fedha za jezi, na profoma inaambatanishwa ili akitaka alipe moja kwa moja dukani. Njia hiyo inaondoa hofu ambayo wengi hawaisemi mbele ya mwalimu: kwamba hela italiwa.

Anayetaka kutoa taslimu apewe namba ya akaunti ya shule, kamwe si ya simu ya mwalimu, na akabidhiwe stakabadhi. Barua yenyewe isainiwe na mkuu wa shule.

Upande wa faida ndiko barua nyingi zinakotia chumvi. Jina la mfadhili kifuani mwa jezi litaonekana kweli kwenye mechi za shule na za kata, mbele ya wanafunzi, wazazi na majirani, ambao ndio wateja wa duka la mtaani. Lakini mashindano yanavyopanda, wachezaji bora huchaguliwa kuunda timu ya wilaya, kisha ya mkoa, na huko huvaa jezi nyingine. Kumwahidi mwenye duka kwamba jina lake litafika fainali za taifa ni kumdanganya. Afadhali aahidiwe kinachowezekana: bango uwanjani siku za mechi za nyumbani, jina lake kutajwa kwenye kikao cha wazazi, na picha ya timu ikiwa na jezi zake, baada ya wazazi kuridhia watoto wao wapigwe. Na shule ichague wafadhili. Jina la kiwanda cha bia au kampuni ya kubashiri halifai kifuani mwa mtoto wa kidato cha pili, hata kama fedha zake ni nyingi.

Muda nao huangusha maombi mengi. Barua inayofika wiki moja kabla ya mechi ya kwanza haimwachii fundi nafasi ya kuchapa majina, wala mfanyabiashara nafasi ya kupanga matumizi yake. Fainali za taifa kwa kawaida huangukia katikati ya mwaka, na hatua za chini hutangulia, kwa hiyo barua zinapaswa kutoka shule zinapofunguliwa Januari.

Mashindano yakiisha, mwalimu arudi kwa kila aliyetoa akiwa na ukurasa mmoja: kilichopokelewa, kilichonunuliwa, nakala za risiti, matokeo ya mechi, na kilichobaki. Kama Coaster ilitumika mara mbili badala ya tatu kwa sababu timu ilitolewa mapema, iandikwe hivyo, na ile 120,000 isiyotumika ielezwe iko wapi. Shule nyingi huruka hatua hii, kisha mwaka unaofuata hushangaa mlango uleule umefungwa. Mwalimu wa michezo anayesoma haya aiandae taarifa ya mwaka jana kwanza, ndipo aandike barua ya mwaka huu.