Kunasa namba iliyojirudia

Safu 1, 3, 4, 2, 2 ina namba tano, zote kati ya 1 na 4, hivyo lazima moja ijirudie. Nafasi zihesabiwe kuanzia 0, na kila namba itaje nafasi inayofuata. Njia inakuwa 0, 1, 3, 2, 4, kisha inarudi 2: duara. Nafasi ya 2 inaingiwa kutoka 3 na kutoka 4, kwa hiyo mlango wa duara ndiyo namba iliyojirudia.

Vielekezi viwili huanzia 0, kimoja kikienda hatua moja, kingine mbili. Hukutana nafasi ya 4. Kimoja hurudishwa 0, vyote vikatembea hatua mojamoja: 1 na 2, 3 na 4, halafu 2 na 2. Safu haikuguswa. Ila namba ikizidi 4, njia hutoka nje ya safu.